Homa ya usiku wa chanjo, na baba aliyetaka sindano saa nane usiku

Swali: "Habari za usiku wakuu. Mwanangu wa kwanza ana wiki 14, kachomwa chanjo leo asubuhi mapaja yote mawili. Tangu jioni anachemka, ukimgusa mguu analia. Mama yake anasema ni kawaida ila mimi usingizi hauji. Kuna nesi humu?"

Nipo. Kwanza mtazame sasa hivi. Kama amekataa titi kabisa, anatapika kila anachonyonya, amelegea hata ukimwamsha haamki, amepata degedege, au kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi, acha kusoma, mpeleke kituoni. Kama ananyonya na anakutazama usoni, kaa nikusimulie, maana baba kama wewe nilishampata.

Nilikuwa na miezi minne tu kazini, kituo cha afya kimoja wilayani Muheza. Usiku ule mkunga alikuwa leba na mzazi, tabibu wa zamu yuko kwake akisubiri kupigiwa simu, na upande wa wagonjwa nimebaki peke yangu. Saa nane bodaboda ikasimama mlangoni. Akashuka mwanaume wa makamo, mtoto kamfunika blanketi zito la manyoya, mkewe nyuma kashika kadi ya kliniki. Nilimwamkia, hata marahaba hakuitika.

"Sista, mtoto anaungua. Mchome sindano ya homa."

Nikaangalia kadi: wiki 14, kachanjwa saa nne asubuhi ya siku hiyo hiyo. Nikasema neno ambalo wote tunalisema: "Ah, hiyo kawaida, baba. Ni chanjo."

Alinijia juu. Kwamba sijamgusa mtoto, sijamfunua, nimejuaje? Kwamba nimetoka shule juzi nataka kulala. Mkewe akamvuta shati, hakusikia. Niliumia, lakini moyoni nilijua kanikamata pabaya. Ni kweli sikuwa nimemgusa mtoto. Homa inayoanza siku ya chanjo haina mhuri unaosema imetoka kwenye chanjo. Inaweza kuwa malaria iliyokuwa njiani tayari, au nimonia, na Muheza malaria si kitu cha kutafuta kwa tochi.

Nikaanza upya. Nikaondoa blanketi, nikamvua mtoto akabaki na nepi, na kila nilichofanya nikawa nakisema kwa sauti ili baba asikie. Kipimajoto kwapani: 38.6. Uzito: kilo 6 na kidogo. Utosi umelala vizuri, haujavimba. Shingo inageuka. Paja la kushoto, walipochoma pentavalenti, ile chanjo ya magonjwa matano kwa pamoja, lina wekundu na kauvimbe kagumu kama punje ya hindi, halina usaha. Nikamtoboa kisigino kwa kipimo cha haraka cha malaria, ambacho majibu yake husomwa baada ya robo saa.

Mle ndani ya robo saa baba alikuwa anatembea ukutani hadi dirishani, dirishani hadi ukutani, na mtoto naye anapokea wasiwasi wake. Nikaona huyu nisipompa kazi tutakesha hivi. Nikamwambia, "Baba, toa simu, weka saa ya sekunde. Mama anamnyonyesha, wewe tazama tumbo. Kila likipanda ni moja. Hesabu dakika nzima, usikate katikati."

Akapiga magoti mbele ya mkewe. Mara ya kwanza mtoto alilia, nikamwambia afute, pumzi za kilio hazihesabiki. Mara ya pili akapata 44. Nikamweleza kwamba kwa mtoto wa miezi miwili hadi mwaka tunaanza kuhofia nimonia zikifika 50. Akahesabu tena bila kuambiwa: 43. Hapo ndipo mabega yake yaliposhuka. Kipimo kikatoa mstari mmoja, hakuna malaria.

Sasa nikamuuliza swali ambalo ningepaswa kuanza nalo: "Nyumbani mmempa nini?"

Kimya. Mkewe akajibu: robo ya panado ya wakubwa, imesagwa kwenye kijiko, saa tatu usiku.

Hapa nisimame kidogo, kwa sababu jambo hili liko nyumba nyingi. Kidonge cha mkubwa kina miligramu 500, robo yake ni 125, na kidonge hakikatiki sawasawa. Mtoto anapewa miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, maana yake wa kilo 6 hapaswi kuvuka 90 kwa mara moja. Kwa mara ile moja hakikuwa kiasi cha kumdhuru, ila angeirudia kila akiona joto halishuki, tungekuwa na hadithi nyingine. Ndiyo maana sikumpa dawa muda ule. Nilitaka zipite saa sita kamili tangu robo ile, yaani hadi saa tisa.

Baba hakuelewa kwa nini nina dawa kabatini na simpi. Nikamwonyesha kwa vidole: saa tatu, nne, tano, sita, saba, nane. Tano zimepita, bado moja. Akakubali kwa shingo upande, akakaa benchini.

Katika saa hiyo ndipo akauliza kilichokuwa kinamsumbua hasa: chanjo ya wiki 6 na ya 10 mtoto hakupata homa, mbona hii? Amechomwa dawa mbovu? Nikamjibu kwamba ndani ya pentavalenti kuna kinga ya kifaduro, iliyotengenezwa kwa bakteria mzima aliyeuawa. Mwili ukimwona unamtambua kama adui, unapandisha joto. Mara hii unapandisha, mara ile hapana, na mtoto asiyepata homa naye anajenga kinga. Kwa kawaida joto la namna hii huanza siku ileile na huisha ndani ya siku mbili. Likivuka hapo hatulisingizii chanjo tena, tunatafuta sababu nyingine.

Saa tisa nikampa mililita 2.5 za panado ya maji, ile ya miligramu 120 kwa kila mililita 5, nikaivuta kwa bomba lisilo na sindano. Kijiko cha chai cha nyumbani usikiamini, kila nyumba kina ukubwa wake. Hakuna kumwogesha maji baridi, na ule uvimbe wa paja haukandwi wala kupakwa chochote. Saa kumi na nusu kipimajoto kilisoma 37.7. Baba alikuwa amelala benchini amekaa, simu mkononi, saa ya sekunde bado inakimbia.

Kwa wako, rafiki: mvue nguo nzito, anyonyeshwe mara kwa mara, hesabu pumzi zake kama yule baba. Panado ya maji pima kwa uzito ulioandikwa kwenye kadi, pisha saa sita, isizidi mara nne kwa siku. Asubuhi mpeleke akapimwe malaria hata akionekana ana nafuu.

Yule baba nilimwona tena mtoto alipofika miezi tisa, kaja mwenyewe na kadi kwa chanjo ya surua na rubela. Mfukoni ana lile bomba, kachora mstari wa kalamu kwenye 2.5, akaniuliza homa ya leo ianze saa ngapi. Nikamwambia hii haina haraka, ikija huja baada ya wiki moja hivi, pengine na vipele. Nikampima mtoto, kilo 8.4. Nikaufuta ule mstari kwa spiriti, nikachora mwingine kwenye 4.