Faida ya 2023 ilipanda kwenye vitabu, duka likawa linarudi nyuma

Wiki iliyopita msomaji mmoja mwenye hadiwea kule Kayole aliniandikia: "Ndugu, faida yangu imepanda kila mwaka tangu 2020. Benki iko tayari kunikopesha nifungue tawi la pili. Unasemaje?" Akanitumia faida za miaka mitano, basi. Nilizitazama nikakumbuka jioni moja mwanzoni mwa 2024, dukani kwetu Kariobangi, mshirika wangu alipoweka karatasi ya namna hiyohiyo mezani na kudai tugawane faida yote.

Nitaeleza kwa tarakimu zangu. Mwaka 2020 tulipata faida ya shilingi 1,200,000. Mwaka 2023 tulipata 1,490,000. Mwenzangu aliona ongezeko la asilimia 24, naye mhasibu hakuwa amekosea hata senti moja. Nikamwambia kwamba tumeshuka. Aliniona mchoyo.

Tuanze na hatua ambayo wengi wanaijua nusu. Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS, hutoa kila mwezi fahirisi ya bei za watumiaji, na hapo ndipo mfumuko wa bei unaosikia redioni unapopatikana. Kwa wastani wa mwaka, bei zilipanda takribani asilimia 6.1 mwaka 2021, 7.7 mwaka 2022, 7.7 tena 2023, na 4.5 mwaka 2024. Usizijumlishe. Ongezeko la kila mwaka linakaa juu ya bei zilizokwisha kupanda mwaka uliotangulia, kwa hiyo unazidisha: 1.061 mara 1.077 mara 1.077 mara 1.045. Unapata karibu 1.286. Maana yake, kilichonunuliwa kwa shilingi 100 mwaka 2020 kilihitaji karibu shilingi 129 mwaka 2024. Na mfumuko uliposhuka hadi 4.5, bei hazikushuka. Zilipanda polepole zaidi.

Chukua wastani wa mwaka mzima, usichukue tarakimu ya Desemba peke yake, kwa sababu faida yako uliipata kuanzia Januari. Nikizidisha leo faida yetu ya 2020 kwa 1.286 na ya 2023 kwa 1.045, zote zinakuwa shilingi za 2024. Ile ya 2020 inakuwa karibu 1,543,000, ya 2023 karibu 1,557,000. Asilimia 24 yote imeyeyuka na kubaki chini ya asilimia moja.

Wengi huishia hapo, na kwa kinyozi au fundi wa simu panatosha. Mtu anayeweka mali kwenye rafu asiishie hapo, maana faida yenyewe aliyoisahihisha ina kitu ndani ambacho si faida.

Chukua bati moja. Ulilinunua 900, ukaliuza 1,100. Kitabu kinasema faida 200. Lakini siku unayokwenda kwa muuzaji wa jumla kurudisha bati hilo, anakudai 1,020. Kati ya zile 200, 120 zimerudi kwenye rafu ili ubaki na bati moja kama mwanzo. Kilichobaki cha kulisha watoto ni 80. Kitabu hakikudanganya, kilitumia bei ya zamani ya ununuzi kama sheria za uhasibu zinavyotaka. Kiwango cha kimataifa cha kusahihisha vitabu vizima, IAS 29, ni cha nchi ambako bei zinakaribia kupanda asilimia 100 kwa miaka mitatu, na Kenya haijafika huko. Mhasibu wako hatakufanyia hesabu hii usipomwomba. Na KRA ikikutoza kodi ya faida, inaitoza kwenye zile 200.

Kwa duka zima usihesabu bati moja moja. Chukua thamani ya stoki uliyoanza nayo Januari. Toa ankara za bidhaa zako tatu au nne kubwa, kwangu ni mabati, vyuma vya ujenzi na misumari, ulinganishe bei ya kununua ya Januari na ya Desemba. Stoki mara ongezeko hilo ndicho kiasi unachokitoa kwenye faida. Usitumie asilimia ya KNBS hapa, kwa sababu kapu lao lina unga, kodi ya nyumba na nauli, na bei ya chuma haifuati unga.

Mwaka 2023 ndio ulionifundisha jambo hili. Dola ilianza mwaka ikiwa karibu shilingi 123, ikaumaliza imepita 155, na bidhaa zetu nyingi zinatokana na malighafi ya nje. Stoki yetu ya Januari ilikuwa 2,000,000, na bei zetu za kununua zilipanda asilimia 18. Hiyo ni 360,000. Toa kwenye 1,490,000, unabaki na 1,130,000, ambazo kwa shilingi za 2024 ni karibu 1,181,000. Mwaka 2020 tulianza na stoki ya 1,500,000 na bei zikapanda asilimia 4, kwa hiyo tunatoa 60,000. Inabaki 1,140,000, sawa na karibu 1,466,000 za 2024. Faida halisi ilikuwa imeshuka kwa karibu asilimia 19.

Fuata mpangilio huo: kwanza toa lile ongezeko la bei ya stoki kwa shilingi za mwaka wake, ndipo uzidishe.

Mshirika wangu hakukubali. Alisema naficha pesa. Na kweli akaunti ilikuwa tupu, jambo ambalo lingemwonyesha ukweli kama angetaka kuuona: faida inapanda, rafu hazijaongezeka hata bati moja, na bado hakuna pesa. Ukiona hayo matatu kwa pamoja, pesa yako imelala kwenye bei mpya za stoki ileile. Tuliachana, nikamlipa fungu lake kwa awamu. Bado inaniuma, kwa sababu nilikuwa na ankara zote mkononi.

Mwaka 2024 shilingi ikapata nguvu, dola ikarudi karibu 129. Bei zetu za kununua zilishuka asilimia 5 juu ya stoki iliyokuwa imefika 2,360,000, hasara ya 118,000 iliyojificha ndani ya faida ya 1,520,000. Hapo unarudisha badala ya kutoa: 1,638,000. Vitabu vilionyesha mwaka uliopanda asilimia 2 tu, lakini ulikuwa mwaka bora kuliko 2020 kwa karibu asilimia 12. Jivunie miaka ya namna hiyo, ndugu zangu, na acheni kusherehekea ile ambayo dola iliwapandishia bei za rafuni.

Hesabu hii ina mpaka wake. Kama muuzaji wa jumla anakupa mali kwa mkopo wa siku 60 au 90, sehemu ya stoki ni pesa yake, na mzigo wa kuirudisha haukuangukii wote siku hiyo. Ukitoa ongezeko lote utakuwa umejikaza kupita kiasi. Mimi hununua kwa pesa taslimu, ndiyo maana natoa lote. Tena 2020 ulikuwa mwaka wa korona. Kama duka lako lilifungwa miezi kadhaa, anza na 2019, la sivyo kila mwaka uliofuata utaonekana mzuri.

Ndugu wa Kayole, usitie sahihi bado. Nitumie thamani ya stoki yako ya kila Januari tangu 2020, na ankara mbili kwa kila mwaka, ya Januari na ya Desemba, za bidhaa zile tatu unazouza zaidi. Niambie pia ni kiasi gani cha mali unachochukua kwa mkopo. Tukishapata faida halisi ya 2024, tutaiweka kando ya riba ambayo benki inakutajia.