Wauguzi wa hospitali binafsi kugoma: sheria inaruhusu mpaka wapi?

"Wakuu, sisi ni wauguzi wa hospitali binafsi hapa Tanzania. Tunataka posho ya usiku iongezwe, uongozi hautaki hata kukaa nasi. Tukigoma tutakuwa tumevunja sheria?"

Mkuu, kwanza angalia mnachodai ni kitu gani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri alipe angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi juu ya kila saa ya usiku, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi. Anayelipwa 780,000 kwa mwezi na kufanya kazi saa 45 kwa wiki, saa yake moja ni kama 4,000, kwa hiyo zamu ya saa 10 inamwongezea 2,000. Kama hata hiyo hamlipwi, hilo ni lalamiko la haki iliyokwishaandikwa, na lalamiko haligomewi hata na mfanyakazi wa kiwanda cha sabuni. Jazeni fomu CMA F.1 mwipeleke Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60. Msizichezee hizo siku, zikipita mtaanza kwa kuomba kuongezewa muda.

Kama mnalipwa 5 mnataka 10, huo ni mgogoro wa maslahi. Wengine huo wanaweza kuugomea, lakini kifungu cha 77 kinataja huduma za afya na maabara zake kuwa huduma muhimu, na kifungu cha 76 kinawazuia walio humo kugoma. Mlango uliobaki ni mmoja: chama chenu na mwajiri wawe na mkataba wa pamoja unaosema huduma zipi zitaendelea wakati wa mgomo, na Kamati ya Huduma Muhimu iwe imeuidhinisha. Mkataba wa namna hiyo uandikeni kwa idadi: leba wauguzi wangapi kila zamu, ICU wangapi, dharura wangapi. "Huduma za lazima zitaendelea" ni maneno ambayo kila upande utayavuta kwake.

Mkiwa nao, mgogoro unapitia usuluhishi wa siku 30. Ukishindikana, chama kinapiga kura kwa katiba yake, wengi wa waliopiga wakubali, kisha mwajiri anapewa notisi ya saa 48.

Msipokuwa nao, usuluhishi ukishindikana mnaupeleka mgogoro kwa mwamuzi wa Tume, naye anaamua kiwango cha posho. Watu wengi hawajui kwamba nafasi hii ipo: maslahi ya wafanyakazi wa kawaida hayaendi kwa mwamuzi hivi hivi, ya kwenu yanakwenda. Nendeni na hesabu, yaani zamu za usiku kwa mwezi, idadi ya wauguzi, na wanacholipa wenzenu wa hospitali za jirani.

Mgomo baridi nao usiwadanganye. Tafsiri ya mgomo kisheria inaingiza hata kusimamisha kazi kwa sehemu, kwa hiyo kukubaliana kutotoa dawa za saa 4 usiku tayari ni mgomo. Mwajiri atakimbilia Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, kuomba zuio. Kuwafukuza papo hapo ni jambo jingine: anatakiwa kwanza awasiliane na chama na kuwapa onyo la mwisho linaloeleweka, lenye muda wa kutosha kurudi kazini.

Ndugu zetu wa serikalini wasifuate njia hii. Wana sheria yao ya majadiliano ya mwaka 2003.