Ruta ya pili ya "Wageni" na smati tivi: fundi kakufungia mlango upande gani?

*Shikamoo fundi. Niko Mikindani. Nyumbani kuna smati tivi mbili, rekoda ya kamera na laptopu yenye hesabu zangu za korosho. Fundi mmoja kaniuzia ruta ya pili kaichomeka kwenye ile ya kwanza, kaipa jina WAGENI na tivi zote kaziunga huko, anasema sasa haziwezi kugusa vitu vyangu. Kweli nimeshakuwa salama?*

Marahaba mdogo wangu. Hapana, kwa hivyo ulivyoeleza hujawa salama, kakufungia kinyumenyume, na wala sio wewe wa kwanza, mwaka huu hapa Mtwara mjini pekee nimeshafungua kazi za namna hii nikachoka. Watu wana imani moja inaniudhi kuliko zote, kwamba jina la waifai likiwa tofauti basi mtandao nao ni tofauti. Jina ni kibao tu cha mlangoni. Unaweza kuandika WAGENI kwenye mlango ambao ukiupita unatokea jikoni kwako.

Tuchukue nyumba yako. Ruta ya kwanza, ile iliyoletwa na kampuni ya intaneti, tuseme iko 192.168.1.1 na rekoda ya kamera inakaa 192.168.1.50. Ruta ya pili waya wake wa WAN, yaani ule wa kupokea intaneti, umechomekwa kwenye ruta ya kwanza, kwa hiyo ikapewa namba kama 192.168.1.20, halafu yenyewe huko ndani inagawa namba za 192.168.0, tivi ya sebuleni ikapata 192.168.0.101. Sasa tivi ikitaka kwenda 192.168.1.50 inamwambia ruta wake, naye anaangalia, anaona hiyo namba sio ya kwangu, anaisukuma nje kupitia WAN kama anavyosukuma yutubu na kila kitu kingine. Ila "nje" ya hiyo ruta ni wapi? Ni sebule yako! Rekoda inapokea mgeni, inamuona ni 192.168.1.20, inamjibu, wala haijui kwamba nyuma yake kuna tivi. Ruta ya kawaida inazuia wa nje asianzishe safari ya kuingia ndani, ila wa ndani anatoka atakavyo. Kwa hiyo fundi wako kazilinda tivi dhidi ya laptopu yako, laptopu kaiacha hadharani. Na kama ile ruta ya pili kaiweka kwenye hali ya Access Point, yaani inarusha tu mtandao uleule wa ruta ya kwanza, ndio kabisa, hapo hakuna hata huo ukuta wa kinyume, vyote viko kapu moja na jina la WAGENI ni pambo.

Usinichukulie mimi kwa mdomo, pima mwenyewe. Laptopu ikiwa kwenye waifai yako ya kawaida fungua Command Prompt uandike hivi, namba weka ya rekoda yako:

```
ping 192.168.1.50
```

Lazima ijibu kwanza ukiwa hapa. Hii hatua watu wanairuka, halafu wanapima kutoka WAGENI tu, hawapati jibu wanashangilia, kumbe kifaa chenyewe hakijibu ping hata ukikaa nacho chumba kimoja. Ikishajibu, hamisha laptopu kwenye WAGENI, rudia ileile, kisha fungua kivinjari uandike 192.168.1.1. Ping ikijibu, au ukurasa wa ruta ya kwanza ukikutokea unakuomba paswedi, basi tivi nayo inafika hapo hapo. Ukipima kwa simu zima data kwanza isije ikakuzungusha.

Kurekebisha, angalia kwanza kama ruta ya kwanza ina Guest Network yake. Ikiwa nayo washa hiyo na ile ya pili kaiuze, maana hapo ruta mwenyewe ndio anasimama katikati anakataa wageni wasivuke. Soma vizuri viboksi vilivyopo, kwenye TP-Link nyingi kuna kimoja kinaitwa Allow Guests To Access My Local Network, hicho kisiwe na tiki, nimewahi kukuta kimetikiwa kwa sababu mwenye nyumba alitaka kuprinti akiwa huko. Allow Guests To See Each Other nacho acha wazi bila tiki, ila ujue ukitaka kurusha video toka simu kwenda kwenye tivi haitakubali mpaka simu uihamishie huko na hiki ukitiki. Na jambo moja, Guest Network kwa ruta nyingi za nyumbani ni ya waifai tu. Tivi ukiichomeka kwa kebo kwenye tundu la LAN kwa sababu waifai haifiki chumbani, umeirudisha ndani ulikoitoa.

Kama ruta ya kwanza haina hiyo kitu, basi hizo mbili zibadilishane kazi. Tivi zirudi kwenye ruta ya kwanza, laptopu, simu na rekoda viende ruta ya pili, rekoda na kebo yake ihamie kwenye matundu ya LAN ya ruta ya pili. Sasa ule ukuta unakukinga wewe, mradi ruta ya pili isiwe kwenye hali ya Access Point. Ukimaliza rudia kipimo cha ping, kwanza ukiwa ruta ya pili kisha ukiwa ruta ya kwanza, ila kwanza itazame namba mpya ya rekoda maana imeshabadilika.

Paswedi sasa. Kuna nyumba Shangani niliiacha kila kitu kiko sawa, wiki haijaisha napigiwa, tivi imerudi kwenye waifai ya nyumbani. Umeme ulikatika, uliporudi tivi ikawaka, WAGENI bado haijapanda hewani, yenyewe ikakumbuka jina la zamani na paswedi yake ikaingia zake kimya. Kosa lilikuwa langu, sikuisahaulisha. Kwa hiyo ingia setingi za tivi, futa mtandao wa zamani, na waifai ya laptopu uipe paswedi mpya kabisa ambayo tivi haijawahi kuiona hata siku moja. Ukihamisha jina lilelile na paswedi ileile kwenda ruta ya pili umefanya kazi bure.

Sasa kuna hawa wanaouza viboksi vya Android vya bei chee, tivi ya kawaida inageuka janja na chaneli zote bure, ukiuliza usalama anakujibu "iweke tu waifai ya wageni". Wananichosha. Juni 2025 FBI wa Marekani walitoa onyo kuhusu kitu kinaitwa BADBOX 2.0, vifaa vya namna hiyo hiyo, vingine vinatoka kiwandani na programu mbaya ndani, vingine vinaipata pale unapoambiwa uzime Google Play Protect, ule ulinzi wa Google dhidi ya apu mbaya, ili upakue apu zao. Mojawapo ya kazi yake ni kuwapitisha watu wengine kwenye intaneti yako, uhalifu wao unaonekana umetoka nyumbani kwako. Mtandao wa wageni hapo haukusaidii chochote, kwa sababu wenyewe unaruhusu kutoka nje, na kutoka nje ndiko kifaa hicho kinakotaka. Unachozuia wewe ni kisifike kwenye laptopu tu. Bando litaliwa, namba yako ya intaneti itatumika. Kifaa kikikuomba uzime Play Protect mrudishie mwenye duka siku hiyohiyo, na yule fundi anayekuja na flashi "kusafisha virusi vya tivi" kwa malipo usimpe hata rimoti.

Ukishageuza hizo ruta nitumie picha ya matokeo ya ping, zote mbili, ya kabla na ya baada.