Usimwambie ashushe viwango: kwa mnasihi anayeanza kazi

Mteja atakuja kwako na fomu ya rufaa iliyoandikwa mambo matatu: wasiwasi, sonona, matatizo ya ulaji. Ukiwa mgeni utashawishika kuyagawanya, vikao kadhaa kwa kila moja. Kabla hujafanya hivyo, sikiliza anavyojihukumu. Mara nyingi utakuta jambo moja linayalisha hayo yote: thamani yake kama mtu ameining'iniza kwenye kufikia viwango vikali alivyojiwekea mwenyewe, na haachi hata vikimuumiza. Mwaka 2002 watafiti Roz Shafran, Zafra Cooper na Christopher Fairburn waliueleza ukamilifu wa aina hii kwa namna ambayo wengi wetu tunaitumia hadi leo.

Nichukue mfano niliouunga kutokana na wateja wa aina hii. Ni mwanamke anayeandika ripoti ofisini. Ripoti ya kurasa mbili huisoma mara sita kabla ya kuituma, na akishaituma huifungua tena kutafuta kosa. Hapo ndipo ulipo wasiwasi. Bosi akirekebisha sentensi moja, kwake ripoti nzima imeharibika na yeye hafai. Jioni hafanyi lolote ila kujilaumu, na marafiki ameshaacha kuwaona kwa sababu muda wote ni wa kazi. Sonona inaingia kwa mlango huo. Kwenye chakula ana orodha ya vitu visivyoruhusiwa. Akila biskuti moja, anasema siku imeshaharibika, anakula pakiti nzima, na kesho yake anaikaza sheria zaidi.

Angalia vizuri kinachotokea anapofaulu, maana wanaoanza kazi hukiruka. Ripoti ikisifiwa hapumui. Anasema ilikuwa rahisi, mtu yeyote angeweza, na safari ijayo anapandisha kiwango. Kwa hiyo akishindwa anajipiga, akifaulu hahesabu. Mchore mzunguko huo kwenye karatasi pamoja naye, kwa maneno yake na mifano yake ya wiki hiyo. Wengi huwa hawajawahi kuuona mzima.

Sasa, usimwambie ashushe viwango. Atasikia unamtaka awe mzembe, na huenda asirudi. Mwachie hamu yake ya kazi nzuri. Kinacholegezwa ni fundo kati ya matokeo na thamani yake, pamoja na tabia zinazolikaza.

Maneno matupu hayalegezi fundo hilo. Jaribio ndilo linalosaidia. Kwa mwanamke huyu, tunachagua ripoti mbili zinazolingana. Ya kwanza anaisoma mara sita kama kawaida, ya pili mara moja tu, na haruhusiwi kuifungua baada ya kuituma. Kabla ya kuituma anaandika utabiri ulio wazi: "Bosi atakuta makosa makubwa na kunikemea," na anauamini kwa asilimia 80. Anaandika pia muda aliotumia na wasiwasi wake kwa alama 0 hadi 100. Tuseme ya kwanza ilichukua saa tatu, ya pili dakika hamsini, na maoni ya bosi yakawa yale yale. Usishangilie haraka. Atakwambia ilikuwa bahati. Muulize ni matokeo gani yangemfanya abadili mawazo, ayaandike, kisha jaribio lirudiwe. Baadaye atatuma kwa makusudi barua pepe isiyo muhimu yenye kosa dogo la tahajia, aone nini kinafuata.

Biskuti nayo inajaribiwa vivyo hivyo: anakula moja kwa mpango, halafu mlo unaofuata unakuja kwa saa yake bila kujinyima ili kuifidia. Sambamba na hayo, mwombe achore duara na aligawe kulingana na mambo anayojipimia. Kazi na uzito vikimeza karibu duara lote, kazi yenu ni kukuza vipande vingine, na hiyo ina maana ya kumpigia rafiki simu wiki hii hii, si kuzungumza tu juu ya urafiki.

Kuna mahali njia hii husubiri. Uzito ukiwa umeshuka sana, au akiwa anajitapisha, daktari aingie kwanza na ulaji wa kawaida urejeshwe. Mwili wenye njaa huzidisha mawazo ya kukakamaa. Na muulize waziwazi kuhusu mawazo ya kujiua, hata akija nadhifu na mwenye tabasamu. Watu hawa hujua kuficha.

Halafu utaona ukamilifu umeingia ndani ya tiba yenyewe. Ataleta fomu ya kazi ya nyumbani iliyonakiliwa upya kwa mwandiko safi, au hataleta kabisa kwa sababu hakuijaza vizuri. Usimsifu kwa ile ya kwanza wala kumsamehe haraka kwa ya pili; zote mbili ziwekeni kwenye ule mzunguko mliouchora. Mimi huomba fomu ya wiki inayofuata ijazwe kwa penseli, dakika tano tu, bila kufuta, na huku nafasi moja ikiachwa wazi kwa makusudi.