Toa tui au tia tui?

Swali: "Shangazi yangu wa Mji wa Kale huandika kwa kuburuta kidole kwenye kibodi ya simu. Jana nilimuuliza wali wa nazi unapikwaje, akanijibu: 'Wali ukianza kukauka toa tui zito. Pua chumvi kidogo.' Maneno yote ni Kiswahili lakini hayaingii akilini. Nitajuaje alichokusudia?" (Msomaji, Kisauni)

Jibu: Alikusudia "tia tui zito. Pia chumvi kidogo." Mpishi wa wali wa nazi angehisi kosa mara moja, maana tui zito hutiwa mwisho, baada ya mchele kupikwa kwa tui jepesi. Lakini hata asiyejua kupika anaweza kulifikia jibu kwa kufuata njia ya kidole.

Ukiburuta, simu haisomi herufi moja moja. Hulinganisha mchoro mzima wa kidole na maneno iliyo nayo, ikachagua linalokaribia. Ndiyo maana kosa lake huwa neno kamili, si tahajia mbovu. Sasa tazama safu ya juu ya kibodi: U, I na O zimekaa bega kwa bega, nasi tuna maneno mengi yanayotofautiana kwa irabu hizo tu.

Weka kidole chako kwenye T. Ukiandika "tia", kidole huenda kulia kikapita Y na U, kikafika I, kisha kikageuka kurudi kushoto hadi A. Kikipitiliza kitufe kimoja tu, kikageukia O, umeandika "toa". Kikigeuka mapema, kwenye U, umepata "tua". Kwa hiyo unapokutana na neno la ajabu, shika herufi ya kwanza na ya mwisho, maana hizo mara nyingi ni sahihi, kisha sogeza ile kona kitufe kimoja huku au huku.

"Pua" ni kesi ngumu zaidi, na ndiyo inayonivutia. Kutoka P hadi A kidole huelekea kushoto tu, bila kugeuka. "Poa", "pia" na "pua" zote zinakaribia kuwa mstari mmoja, kona haionekani. Hapo njia ya kidole haikusaidii tena, ni sarufi inayoamua. "Pua" ni nomino, na pale haina kazi yoyote katika sentensi. "Poa" nayo haikubali kufuatwa na "chumvi kidogo". Inabaki "pia". Kwa kipimo hicho hicho, mtu akikuandikia "niko pua", ni mzima, yuko poa.

Pana mahali ambapo mbinu zote mbili hukwama: pale "tia" na "toa" zote zinapoleta maana. Shangazi akikuandikia "toa elfu mbili kwa simu yangu", usiguse pesa. Mpigie kwanza.