Chakula au maji moto kwa wanaouguza wagonjwa?

"Nina kibanda mkabala na geti la hospitali ya serikali hapa Uganda. Nimepika wali wiki mbili, haununuliwi. Niuze nini?"

Salaam ndugu. Mchana ndugu wa wagonjwa huletewa matoke kutoka nyumbani, nami nilimwaga sufuria nzima kabla ya kugundua hilo. Wanapokosa ni alfajiri: waliolala kwenye mikeka hawana jiko. Anza saa kumi na moja na maji yaliyochemka na uji mlaini usio na sukari, sukari kando, maana wengine wana kisukari. Pima kwa chupa ya chai ya mteja mwenyewe. Chupa zangu nilizowaazima hazikurudi, mgonjwa akiruhusiwa ghafla. Ila kwanza muulize askari wa geti saa anazoruhusu watu kutoka.