Tangazo la choo cha pamoja

"Choo cha wapangaji kinaziba kila mara. Niandike nini kwenye tangazo?"

Mkuu, usiandike "msitupe taka chooni", kila mtu atadhani anaambiwa jirani. Taja vitu: pedi, pampasi, matambara, nywele, mabaki ya ugali. Pedi hunyonya maji na kuyashika. Ikifika kwenye kona ya bomba imeshavimba, hailainiki kama tishu, na kinachofuata kinanasa hapo. Maji yakipanda kisha yakashuka polepole, ndiyo dalili ya kuziba. Usiongeze ndoo nyingine ya maji, yatafurika.

Ila karatasi ukutani haitoshi. Weka ndoo yenye kifuniko humo humo chooni, maana mwenye pedi mkononi hatakatiza nayo uani watu wakimtazama. Andika pia nani anaimwaga na siku gani.